Soksi Inayosinzia: Kufundisha Salamu na Maombi ya Kiingereza kwa Maigizo Mafupi Darasa la Tatu

Mara ya kwanza nilipowafundisha watoto wa miaka minane kuazimana penseli kwa Kiingereza, msichana mmoja alimgeukia jirani yake akasema vizuri kabisa, "Can I borrow a pencil, please?" Jirani akajibu "Yes," akainama, akaendelea kuandika. Yule msichana akabaki ameukunjua mkono. Nilitaka kumkaripia yule mvulana, kisha nikaona hana kosa. Ameulizwa kama mwenzake anaweza kuazima penseli, naye amekubali kwamba anaweza. Hakuna aliyemwambia kwamba swali lile ni ombi.

Tangu siku hiyo naanza kufundisha maombi kwa kujiuliza adabu imekaa wapi katika kila lugha. Kwa Kiswahili mtoto husema "naomba penseli" au "niazime penseli", na heshima yote iko ndani ya kitenzi na katika sauti. "Tafadhali" haihitajiki. Mtoto akimwambia mwenzake "tafadhali" inasikika kama tangazo la stendi, na mtu mzima akiitamka kwa mkazo, "tafadhali sana!", mara nyingi anaonya. Kiingereza kimeipeleka heshima mahali pengine: ombi huvikwa sura ya swali, kisha "please" hufuata mkiani. Mtoto anayehamisha sentensi yake ya nyumbani neno kwa neno atapata "I ask pencil" au "Help me pencil", na mwenye haraka atapata "Give me pencil". Hiyo ya mwisho ni amri, ingawa kichwani mwake alikuwa anaomba kwa unyenyekevu.

Kwenye salamu ugumu ni mwingine. Mdogo huanza kwa "shikamoo" na mkubwa huitikia "marahaba": maneno mawili, kila mtu na lake. Kwa Kiingereza mtoto husema "Good morning" na mwalimu hurudisha "Good morning" ileile. Wapo watoto wanaoona kama wamemkosea mkubwa heshima, hivyo husita au hunong'ona. Nawaambia kwa Kiswahili, dakika moja tu, kwamba katika salamu hii heshima iko kwenye jina linalofuata, "Good morning, teacher", na kwenye uso. Nawaambia pia kwamba wakitoka nje ya kipindi wakakutana na bibi yao, ni shikamoo kama kawaida. Mzazi akisikia "Good morning" badala ya shikamoo atakuja shuleni, na atakuwa na haki.

Chagua sentensi chache, uache nyingine zote

Kwa igizo dhima la kwanza natumia mazungumzo haya tu, kati ya watoto wawili walioketi dawati moja:

– Good morning, Asha.
– Good morning, Juma.
– Can I borrow a pencil, please?
– Yes, here you are.
– Thank you.
– You're welcome.

Jibu la nne lina ndugu yake, na huyo ndiye anayelifanya igizo liwe hai: "Sorry, I don't have one." Akinyimwa hivyo, muombaji husema "That's OK" na igizo linaishia hapo. Darasa la zamu ya mchana hubadilisha salamu kuwa "Good afternoon", na ni vizuri kuibadilisha kweli, kwa sababu watoto wengi hudhani "Good morning" maana yake ni "salamu" saa yoyote. "Good night" usiiguse kabisa wiki hii. Kwa Kiingereza ni ya kuagana, si ya kusalimia, na mtoto aliyezoea "habari za usiku" ataichukua kama salamu ya kuingilia nyumbani kwa watu.

Nimeacha makusudi neno "lend". Kwetu kuazima ni kuchukua na pia ni kutoa: mimi naazima kwako, wewe unaniazima. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili, na ukivileta vyote siku moja utavuna "Can you borrow me a pencil?" kutoka kila dawati. Wakishaizoea sentensi moja hadi waiseme bila kufikiri, hicho kingine kitasubiri muhula ujao.

Vilevile nimechagua "Can I", si "May I". Najua wapo walimu wenzangu wanaosisitiza "May I" kila mahali. Mimi huiweka mlangoni na mbele ya mwalimu: "May I come in, please?", "May I go out, please?" Kati ya watoto wawili wanaogawana dawati, "Can I" inatosha na ndiyo watakayoisikia kwa watoto wenzao.

Vifaa: penseli tano na viberiti ishirini

Chukua darasa la watoto 60, madawati 20, watatu kwa kila dawati. Waombe walete maganda matupu ya viberiti, wiki moja kabla. Nunua penseli 5 mpya na ukate kila moja vipande vinne kwa msumeno mdogo au kisu kikali, ukiwa nyumbani, si darasani. Utapata vipisi 20 vya sentimita nne na kitu, na kila kipisi kinaingia ndani ya ganda la kiberiti na kufungika. Pima ganda lako kwanza, maana hayalingani yote. Hakikisha hakuna njiti hata moja iliyobaki ndani.

Kwa nini kiberiti? Kwa sababu igizo ambalo kila mtu anajua mwenzake atasema nini si mazungumzo, ni kukariri kwa zamu. Mtoto akishaijua kurasa nzima haisikilizi tena, anangoja tu mwenzake anyamaze. Kiberiti kilichofungwa huficha jibu. Anayeombwa hukifungua, na kama kipisi kimo husema "Yes, here you are", kama hakimo husema "Sorry, I don't have one." Muombaji hawezi kujua atasema "Thank you" au "That's OK" mpaka asikie. Hapo ndipo masikio hufunguka.

Na mtoto wa tatu wa dawati ndiye mtunza kiberiti. Kabla ya kila mzunguko hugeuka nyuma, akaweka kipisi ndani au akakificha kwenye ngumi. Watatu kwa dawati, jambo ambalo katika kazi za wawiliwawili huwa kero, hapa linatufaa.

Kifaa cha mwisho ni soksi mbili za rangi tofauti. Zivae mikononi, moja kila mkono. Macho unaweza kuyachora kwa kalamu ya wino mzito.

Kipindi chenyewe, dakika 40

Dakika 5 za mwanzo ni za soksi. Soksi nyekundu inamwendea soksi ya bluu na kusema kwa sauti kubwa, "Give me pencil!" Bluu inasinzia, tena inakoroma. Nyekundu inasogea zaidi: "Pencil!" Koromo linazidi. Watoto wakishacheka vya kutosha, nyekundu inajaribu, "Can I borrow a pencil?" Bluu inafungua jicho moja. Halafu, "Can I borrow a pencil, please?" Bluu inaamka, inasema "Yes, here you are," na kipisi kinatoka.

Uliza kwa Kiswahili: kilichoiamsha ni nini? Darasa zima litapiga kelele, "Plizi!" Usiliache hapo, kwa maana hilo ni nusu ya jibu, na nusu hiyo ina madhara. Mtoto anayeamini kwamba "please" peke yake ni dawa atasema "Give me pencil, please" maisha yake yote. Kwa hiyo fanya nyekundu iseme hivyohivyo, na bluu ifungue jicho moja tu. Uliza tena. Kwa kawaida atapatikana mmoja atakayesema, "Mwalimu, hajauliza." Huyo amelipata. Vitu viwili: kuuliza, na "please". Kimoja ni jicho moja.

Dakika 7 zinazofuata ni za kutamka pamoja, na hapa jenga sentensi kuanzia mkiani. Sema "please", waseme. Kisha "pencil, please". Kisha "a pencil, please". Kisha "borrow a pencil, please". Mwisho sentensi nzima. Ukianzia mbele, kila unapokata watoto hushusha sauti kana kwamba sentensi imekwisha, na ukifika mwisho wameizoea ikiwa vipandevipande kama hesabu ya kujumlisha. Ukianzia nyuma, kila kipande kinamalizikia palepale, na sauti ya mwisho inabaki nyepesi, ya kuuliza. Tena lile "a" dogo, ambalo Kiswahili hakina na hivyo hudondoka njiani, linanata kwa sababu wamelisema mara nyingi likiwa limeshikana na "pencil". "Can I" iseme kama neno moja, "kenai". Usieleze kwa nini.

Matamshi mengine usiyapiganie yote. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo "please" itakuwa "plizi" na "good" itakuwa "gudi". Mimi narekebisha "please" peke yake, kwa kuwa ndilo neno la somo: naweka kidole mdomoni sauti ya mwisho inapotoka, na wao hugandisha midomo hapohapo kama picha. Kuna watoto ambao lugha ya nyumbani haitofautishi "r" na "l", nao watasema "bolo". Wenzao wakicheka, mfanye anayecheka awe soksi nyekundu inayofuata.

Dakika 5 za mfano. Ita mtoto mmoja mchangamfu, uigize naye wewe ukiwa muombaji, kisha mbadilishane. Halafu ita wawili wengine waigize bila wewe. Katika mfano huu onyesha sheria moja ambayo inaponya ugonjwa wa yule mvulana aliyejibu "Yes" akaendelea kuandika: "here you are" haisemwi mpaka mkono uwe umenyooka na kitu kimo mkononi. Mkono wa kulia, kama wanavyofundishwa nyumbani. Maneno na mkono viende pamoja. Vitabu vingine vya Kiingereza hutaka mtoto amtazame usoni anayezungumza naye, na kati ya watoto wenyewe kwa wenyewe sawa, watafanya. Kwa mwalimu au mtu mzima, mtoto wa kwetu huinamisha macho kwa heshima, nami sijaona sababu ya kumwinua kidevu.

Kisha dakika 15 za madawati, mizunguko mitatu ya dakika tano. Piga makofi mawili kubadilisha: muombaji anakuwa mwenye penseli, mwenye penseli anakuwa mtunza kiberiti, mtunza kiberiti anakuwa muombaji. Kelele zitakuwepo. Mwambie mwalimu wa darasa la jirani mapema.

Wakati huu wewe tembea na ufunge mdomo. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Ukimkatiza mtoto katikati ya igizo ili kurekebisha, dawati zima hukugeukia na igizo linakufa, maana sasa wanamwigizia mwalimu. Beba kijidaftari, andika makosa mawili yanayojirudia zaidi, yasizidi mawili. Ukipita dawati ambalo mtoto amesema "Give me", inamisha kichwa na ukorome taratibu. Atajua, atacheka, atarudia mwenyewe.

Dakika 5 za mwisho waite watatu wa madawati mawili au matatu waigize mbele. Usichague mabingwa tu, wala usitake kila dawati lipande. Ukifika dawati la nne wengine wameanza kurushiana vifutio. Baada ya hapo andika yale makosa mawili ubaoni yakiwa yamesahihishwa, darasa liyatamke mara mbili. Zinabaki dakika tatu za kukusanya viberiti, na utazihitaji.

Wimbo unaojificha kama salamu

Kuna jambo nataka kukaa nalo kidogo, kwa kuwa ndilo linalodanganya walimu wengi. Ingia darasa lolote la chini useme "Good morning, class." Wote watasimama na kuimba, "Good morning, teacher!" Uliza "How are you?" nao wataimba, "We are fine, thank you, teacher, and how are you?" kwa mdundo uleule unaosikika shule hadi shule. Mkaguzi hufurahi. Lakini hiyo ni nyimbo, na wengi wao hawajui sentensi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Namna ya kujua ni rahisi. Ingia saa nane mchana na useme "Good afternoon". Wakijibu "Good morning", umeshapata jibu lako. Au mwendee mtoto mmoja aliyekaa peke yake, umsalimie kwa sauti ya kawaida kwa jina lake. Akijibu "We are fine" ilhali yuko mmoja, hiyo ni kwaya inayosema kupitia kwake. Niliwahi kumuuliza mtoto aliyekuwa analia kwa jino, naye akaniimbia kwamba wao ni wazima, asante mwalimu.

Dawa yake ni igizo la sekunde chache mlangoni. Asubuhi simama kizingitini na umsalimie kila anayeingia kwa jina lake, mmoja mmoja: "Good morning, Neema." Yeye ajibu "Good morning, teacher" na apite. Wakizoea, ongeza "How are you?" na uwape majibu matatu ya kuchagua, kila moja na uso wake: "I'm fine, thank you", "I'm tired", "I'm not well". Siku mbili za kwanza wote watachagua la kwanza. Siku ya tatu atatokea mmoja atakayesema amechoka huku akitabasamu kwa kujua amevunja kitu, na kuanzia hapo salamu inakuwa swali la kweli. Kwa watoto 60 zoezi hili huchukua dakika sita au saba, kwa hiyo usilifanye siku za mvua ambapo nusu ya darasa imechelewa.

Mlango huohuo ndio mahali pa kufundishia hodi. Mtoto aliyechelewa asimame, agonge, aseme "May I come in, please?" nawe ujibu "Yes, come in." Hapa hakuna haja ya maelezo, maana "hodi" na "karibu" wanazo tangu utotoni, na ombi hili limekaa mahali palepale katika maisha yao. Ni sentensi pekee katika somo hili ambayo tafsiri ya moja kwa moja ya tendo haimdanganyi mtoto.

Wiki inayofuata: duka la Mangi

Mkishaazimana penseli kwa vipindi viwili, badilisha mahali lakini usibadilishe mtindo wa sentensi. Dawati moja mbele linakuwa duka. Maganda ya sabuni, pakiti tupu za biskuti na za majani ya chai ndiyo bidhaa, vizibo vya soda ndiyo pesa. Mnunuzi husema "Can I have two biscuits, please?" Jipya hapa ni "have" badala ya "borrow" tu, na idadi. Waulize kwa nini dukani hatusemi "borrow". Watajibu wenyewe kwamba Mangi hakopeshi, na ingawa kukopa si kuazima, tofauti ya kuchukua moja kwa moja na kuchukua kwa kurudisha wameshaishika.

Usiweke madukani bidhaa zaidi ya tano. Na usiongeze bei kwa Kiingereza siku hiyohiyo, kwa sababu akili ya mtoto itahamia kwenye kuhesabu chenji na "please" itapotea bila mtu kuona.

Kupima bila mtihani

Karatasi ya kujaza nafasi haitakuambia kama mtoto anaomba kwa adabu. Itakuambia kama anajua kuandika "please". Mimi napima siku tatu au nne baada ya igizo, wakati wamekwisha kusahau kwamba ni somo. Nawapa kazi ya kuchora, kisha penseli za rangi nazibakiza mezani kwangu. Anayetaka lazima aje kuomba, nami siwakumbushi waseme nini.

Pembeni nina orodha ya majina yenye safu tatu: ameuliza, amesema "please", ameshukuru. Nawaangalia watoto kumi kwa siku, hivyo darasa la 60 huisha kwa siku sita. Safu ya "please" huwa na tiki nyingi mapema, ya kuuliza hufuata taratibu, na ya kushukuru hubaki nyuma kwa sababu mtoto akishashika penseli ya rangi miguu huondoka kabla ya ulimi. Kwa hilo sina somo jingine ila kutoiachia penseli. Naishika upande wangu, yeye upande wake, mpaka "Thank you" itoke.

Akija mtoto akasema "naomba rangi" kwa Kiswahili, mpe. Ameomba kwa adabu, ila kwa lugha nyingine. Weka alama ndogo kwenye orodha na umrudishe kwenye kiberiti wiki ijayo.

Na vipisi vya penseli uvihesabu kabla kengele haijalia. Vitakuwa 18.